Inna na dada zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Darasa letu la nahau hukaa baada ya Magharibi, hapa Mbeya, na kila mwaka tukifika mlango wa inna, neno la Kiarabu lenye maana ya "hakika", maswali huwa yale yale. Aliyekaa nyuma amejifunika kitenge kwa baridi ya Juni huuliza alichouliza mwenzake mwaka jana, nami hujibu vile vile. Nimeona niyaandike. Maneno ya Kiarabu nayaandika kwa herufi zetu: irabu inayovutwa naiandika mara mbili, na alama ya ' inasimama badala ya 'ain na hamza.

Inna inafanya nini hasa kwenye sentensi?

Inaingia kwenye sentensi ya nomino, yaani ile yenye mubtada (kinachozungumziwa) na khabari (kinachosemwa juu yake). Kabla inna haijaingia, vyote viwili viko katika raf'u, hali ambayo alama yake ya kawaida ni dhuma. *Al-bardu shadiidun*, baridi ni kali: *bardu* ina dhuma, *shadiidun* ina dhuma ya tanwini. Inna ikiingia, mubtada anahamia nasbu, hali ambayo alama yake ya kawaida ni fat-ha, na jina lake linabadilika, anaitwa isimu ya inna. Khabari anabaki na raf'u yake: *inna l-barda shadiidun*, hakika baridi ni kali. Kilichobadilika ni irabu moja tu, *bardu* imekuwa *barda*.

Kanuni ni hiyo, na mtu anaweza kuikariri kabla chai haijapoa. Kazi iko kwingine. Katika sentensi ya kweli, isimu ya inna huwa haijasimama palepale unapoitarajia, na nasbu haivai fat-ha kila siku.

Dada zake ni akina nani?

*Anna* (kwamba), *ka'anna* (kana kwamba), *laakinna* (lakini), *layta* (laiti) na *la'alla* (huenda). Pamoja na inna yenyewe wanakuwa sita, na ndivyo wanavyohesabiwa katika Ajurrumiya, kile kijitabu cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Maana zao ni mbalimbali, ila kazi yao ni moja.

Mbona nikisoma sisikii tofauti yoyote?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni lugha tulizokulia. Anayesema Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kiswahili amezoea kuangalia mwanzo wa neno: mtu, watu, anakuja, wanakuja. Ukisema "mwalimu amefika" au "hakika mwalimu amefika", neno mwalimu halitikisiki. Masikio yetu hayana desturi ya kungoja mwisho wa neno ili kujua kazi yake.

Ya pili ni kusimama. Msomaji akipumzika mwishoni mwa neno, dhuma, kasra na fat-ha ya kawaida zote zinadondoka. Ukisema *inna l-bard* ukakata pumzi, nasbu imepotea. Alama moja tu inaokoka: tanwini ya fat-ha, ambayo wakati wa kusimama hugeuka kuwa *aa*. Ndiyo maana katika Suuratu sh-Sharh tunamaliza *inna ma'a l-'usri yusraa*. Hiyo *aa* unayoivuta tangu ulipokuwa mtoto wa chuo ni isimu ya inna inajitangaza. Kwa hiyo ukifanya mazoezi, usisimame. Unganisha, na itamke irabu ya mwisho hata kama unajisikia kama mtu anayesoma kwa maonyesho.

Nimeandika "inna fii Mbeya bardun shadiidun", mwalimu akaweka mkasi. Kosa liko wapi?

Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Aliyeandika hivyo alifikiri hivi: neno linalofuata inna ndilo isimu, kinachobaki ni khabari, basi kipate raf'u. Kinachofuata inna hapa, hata hivyo, ni *fii Mbeya*, herufi ya jarri, yaani neno kama "katika", na jina lake. Hicho hakiwezi kuwa isimu ya inna kamwe. Ni khabari iliyotangulizwa. Isimu imesukumwa nyuma, nayo ni *bard*. Sahihi ni *inna fii Mbeya bardan shadiidan*, hakika Mbeya kuna baridi kali.

Sasa angalia *shadiidan*. Kwenye mfano wa kwanza ilikuwa *shadiidun*, hapa imepata nasbu, na neno ni lile lile. Linganisha sentensi tatu:

*Inna l-barda shadiidun*: hakika baridi ni kali. Hapa "kali" ndiyo habari yenyewe unayoileta, kwa hiyo ina raf'u.

*Inna l-barda sh-shadiida qaadimun*: hakika baridi kali inakuja. Hapa "kali" ni sifa tu ya baridi, habari ni kuja. Sifa humfuata mwenyewe katika kila kitu: ikiwa *barda* ina alif na lam, nayo ina alif na lam, ikiwa ina nasbu, nayo ina nasbu.

*Inna fii Mbeya bardan shadiidan*: habari ni kuwepo Mbeya, "kali" ni sifa tena, inamfuata *bardan* kwa tanwini na kwa nasbu.

Njia ninayowapa wanafunzi ni ya kuuliza swali kwa Kiswahili kabla ya kugusa irabu. Sentensi hii inanipa habari ya kitu gani? Hicho ndicho isimu, kipe nasbu popote kilipo. Je, neno linaloeleza kitu hicho limeunganishwa nacho kama "baridi kali", au linatenganishwa na "ni" kama "baridi ni kali"? Ile "ni" ya Kiswahili ni msaada mkubwa ambao Waarabu wenyewe hawana. Panapoingia "ni", neno linalofuata ni khabari na lina raf'u. Pasipo na "ni", ni sifa, na linafuata.

Kuitanguliza khabari kunaruhusiwa ikiwa tu ni herufi ya jarri na jina lake, au ni neno la mahali au wakati kama *ma'a*, *'inda*, *amaama*. Huwezi kusema *inna shadiidun al-barda*. Kwa hiyo ukiona *fii*, *'alaa*, *li*, *min*, *ma'a* au *'inda* imesimama mara tu baada ya inna, jiandae: mara nyingi isimu iko mbele zaidi, tena ina fat-ha. *Inna ma'a l-'usri yusran* ni mfano wa hivyo hivyo. *Ma'a l-'usri* ni khabari, *yusran* ni isimu.

Halafu kuna lam ya mkazo, ile *la* inayoongezwa baada ya inna, kama *inna l-insaana lafii khusr*. Haibadilishi irabu ya neno. Wengine hujifunza kwamba inakaa kwenye khabari, wakaifanya kuwa alama ya khabari. Ni kweli mara nyingi, lakini isimu ikicheleweshwa lam inahamia kwake: *inna fii dhaalika la'ibratan*, katika Suuratu n-Naazi'aat, aya ya 26. *'Ibratan* ni isimu, ina nasbu, na lam imeipanda vile vile.

Mwalimu alisema neno lina nasbu lakini sikuona fat-ha. Nasbu iko wapi?

Nasbu ni cheo. Fat-ha ni vazi mojawapo la cheo hicho. Aya ya 35 ya Suuratu l-Ahzaab inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ninaoweza kuutunga: *inna l-muslimiina wal-muslimaati wal-mu'miniina wal-mu'minaati*, na kuendelea hivyo kwa wanaume na wanawake, jozi kumi.

*Al-muslimiina* ni isimu ya inna. Ingekuwa raf'u ungesoma *al-muslimuuna*, kwa wau. Inna imeiondoa wau ikaweka ya, na hiyo ya ndiyo nasbu. Fat-ha iliyo juu ya nuni ya mwisho haihusiki. Iko pale pale hata katika raf'u. Wanafunzi wengi huiona hiyo wakadhani ndiyo alama.

*Al-muslimaati* imeunganishwa na *al-muslimiina* kwa wau ya atfu, kwa hiyo nayo ni nasbu. Ina kasra! Wingi wa kike wa alif na ta haupokei fat-ha. Kasra inasimama badala yake. Anayesoma *wal-muslimaata* kwa kujali kanuni amekosea kwa sababu ameijua nusu.

Kisha tafuta khabari. Majina yote ishirini yanapita, pumzi inakaribia kwisha, ndipo inakuja *a'adda llaahu lahum maghfiratan wa ajran 'adhiimaa*, Mwenyezi Mungu amewaandalia msamaha na ujira mkubwa. Khabari ni sentensi nzima ya kitendo. Haina irabu moja ya kuonyesha raf'u. Tunasema iko mahali pa raf'u.

Mavazi mengine ya nasbu nayapita haraka. Wawili huvaa ya: *al-mu'allimaani haadhiraani*, ukiingiza inna inakuwa *inna l-mu'allimayni haadhiraani*. *Abuu*, *akhuu* na wenzao huvaa alif: *inna abaaka haadhirun*. Maneno yanayoishia na alif kama *al-mustashfaa* hayaonyeshi chochote. Lakini *al-qaadhii* huonyesha: *inna l-qaadhiya haadhirun*, kwa sababu fat-ha ni nyepesi juu ya ya.

Nataka kusema "hakika anakuja". Kwa nini "inna ya'tii" ni kosa?

Kwa Kiswahili "hakika" inakaa mbele ya chochote. Inna haikai mbele ya kitendo. Lazima ipate jina la kuishika. Ukikosa jina, mpe kiwakilishi: *innahu ya'tii*. Hiyo *hu* ndiyo isimu ya inna. Haibadiliki irabu kwa sababu viwakilishi havibadiliki, ila iko mahali pa nasbu.

Hapo wanafunzi hunirudishia: mbona Qurani inasema *inna a'taynaaka l-kawthar*, na *a'taynaa* ni kitendo? Isikilize tena. Ni *innaa*, imevutwa. Ni inna na kiwakilishi *naa*, "hakika sisi", na nuni moja imedondoka ili zisirundikane tatu. Ndiyo ile ile tunayoitamka msibani: *innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun*. Kwenye simu watu huiandika "inna lillahi", nayo inaeleweka, lakini ukiifanyia i'rabu, yaani ukichambua kazi ya kila neno, usisahau kwamba isimu ni *naa* iliyojificha mle. *Raaji'uuna* ni khabari, na wau yake inathibitisha raf'u.

Laiti nayo inatuponza kwa njia hiyo hiyo, maana ni neno letu sasa. Tunasema "laiti ningalijua", kitendo kinafuata moja kwa moja. Kwa Kiarabu *layta* haifanyi hivyo. Aya ya mwisho ya Suuratu n-Naba' ina *yaa laytanii kuntu turaabaa*: kwanza *nii*, ndipo *kuntu*.

Katika adhana ni "Muhammadan" au "Muhammadun"?

*Ashhadu anna Muhammadan rasuulu llaah.* *Anna* ni dada wa inna, *Muhammadan* ni isimu yake, nasbu. *Rasuulu* ni khabari, raf'u. Masikio husikia *Muhammadar-rasuulu* kwa sababu nuni ya tanwini inamezwa na ra, na hilo ni suala la tajwidi. Fat-ha ya dali haiguswi.

Kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi katika vipaza sauti haliko kwenye *Muhammadan*. Liko kwenye *rasuulu*, inaposomwa *rasuula*. Mtu amesikia fat-ha mbili akaongeza ya tatu ili ziende sawa. Shida ni kwamba *rasuula llaahi* kwa nasbu inakuwa maelezo ya Muhammad tu, na khabari inakosekana: "nashuhudia kwamba Muhammad, mtume wa Mungu…", halafu? Vitabu vya zamani vina kisa cha bedui aliyemsikia muadhini akisema hivyo, akauliza, "Amefanya nini?" Bedui huyo hakwenda chuo, alikuwa anangoja khabari.

Na *ashhadu an laa ilaaha* je? Hiyo *an* ni *anna* iliyopunguzwa nuni, na isimu yake ni kiwakilishi kilichofichwa. *Ilaaha* imepata fat-ha yake kutokana na *laa* inayokana jinsi nzima, ambayo hufanya kazi inayofanana na ya inna. *Laa* hiyo unaijua pia kwa njia nyingine: "labda" yetu ni *laa budda*, ingawa kwa Kiarabu inamaanisha "hapana budi", na sisi tumeilegeza.

Na "innamal-a'maalu bin-niyyaat"? Mbona ina dhuma?

Kwa sababu ya *maa*. Ikishikamana na inna huizuia isifanye kazi, na sentensi inarudi ilivyokuwa: mubtada kwa raf'u, khabari kwa raf'u. *Innama l-mu'minuuna ikhwatun*, kwa wau, si *mu'miniina*. Maana nayo inabadilika, inakuwa "si vingine bali". Kati ya dada wote, layta peke yake ndiyo iliyoruhusiwa njia mbili ikiwa na *maa*.

Angalia tu isije ikawa *maa* yenye maana ya "yale ambayo". Katika Suuratu l-An'aam, aya ya 134, *inna maa tuu'aduuna la'aatin*, yale mnayoahidiwa yatakuja. *Maa* hapo ndiyo isimu ya inna yenyewe, na msahafu umeziandika mbalimbali.

"Lakini" ya Kiswahili ndiyo laakinna?

Ni ndugu yake mwenye nuni moja, *laakin*. Na tofauti ya shada ile ndiyo inayoamua kila kitu. *Laakinna* yenye shada inatoa nasbu. *Laakin* nyepesi haitoi chochote.

Kuna aya inayoonyesha zote mbili bila kubadilisha mwandiko wa herufi. Al-Baqara, 102: sisi tunaosoma Qurani kwa mapokezi ya Hafs tunasema *walaakinna sh-shayaatiina kafaruu*, shada na fat-ha. Wasomaji wengine, Hamza, al-Kisaa'ii na Ibn 'Aamir, wanasoma *walaakini sh-shayaatiinu kafaruu*, nuni imelegea na *shayaatiinu* imerudi kwenye dhuma. Zote ni qiraa sahihi, na maana ni ile ile, "lakini mashetani ndio waliokufuru". Ila huwezi kuchanganya, ukachukua shada ya huku na dhuma ya kule.

Naichanganya inna na kaana. Nifanyeje?

Kaana ni kinyume: isimu hubaki na raf'u, khabari hupata nasbu. *Kaana l-bardu shadiidan.* Ziandike mbili hizo chini na juu kwenye ukurasa mmoja, neno kwa neno, mara tatu au nne. Sijaona dawa nyingine.

Kwa nini inna itoe nasbu na si kitu kingine?

Wanachuoni walisema inafanana na kitendo. Inaishia na fat-ha kama kitendo kilichopita, ina maana ya kitendo ("nasisitiza", "natamani", "nafananisha"), na hupokea nuni ya kinga kabla ya *ii*, kama kwenye *innanii* na *laytanii*. Kitendo kina mtendaji mwenye raf'u na mtendwa mwenye nasbu, basi inna nayo ikapewa raf'u moja na nasbu moja, ila kwa mpangilio wa kinyume, mwenye nasbu akitangulia, kwa kuwa ni herufi na haikufikia nguvu ya kitendo. Watu wa nahau wa Basra walishikilia kwamba inna inazitoa zote mbili. Wale wa Kufa walisema inatoa nasbu tu. Khabari imebaki na raf'u yake ya tangu mwanzo. Ubao wa darasani hautofautishi, sentensi inaandikwa vile vile.

Basi "in haadhaani lasaahiraani" katika Taha 63 imekuwaje?

Swali hili huletwa na mwanafunzi aliyekwisha kuelewa, kwa hiyo hunifurahisha. Anasema: wawili katika nasbu huvaa ya, ilipaswa *haadhayni*, mbona ni *haadhaani*?

Jibu la kwanza: tazama nuni. Kwa Hafs si *inna*, ni *in*, imepunguzwa. Ikipunguzwa, mara nyingi haifanyi kazi tena, kama tulivyoona kwa *laakin*. *Haadhaani* ni mubtada wa kawaida, alif ni alama ya raf'u, *saahiraani* ni khabari, na lam imewekwa ili msikilizaji asidhani kwamba *in* hiyo ni ya kukanusha.

Abuu 'Amr alisoma *inna haadhayni*, kwa shada na ya, sawa kabisa na kanuni uliyofundishwa. Naafi' na wengine walisoma *inna haadhaani*, shada na alif pamoja, na hapo ndipo watu wa nahau walipoandika kurasa nyingi. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba baadhi ya makabila ya Waarabu, wakiwemo Banu l-Haarith bin Ka'b, waliacha alif kwenye wawili katika hali zote, raf'u, nasbu na jarri. Kwao *haadhaani* ni nasbu, ila vazi halibadilishwi.

Mwanafunzi mmoja wa kutoka Tukuyu alisikiliza hayo mpaka mwisho, akafunga daftari, akasema, "Kumbe ustadhi, kuna Waarabu waliokuwa kama sisi, neno haliwabadiliki."

Nilimwambia kwa wawili tu. Kwenye *al-muslimiina* bado atalipa.